Mstari mmoja au miwili? F inasema makundi yanatofautiana lakini kwenye jedwali sioni nyota hata moja

mpigakasia
Wakuu habari, naomba msaada kabla sijachanganyikiwa kabisa. Nina data ya malori, makundi mawili, yenye injini mpya na yenye injini kuukuu. Kwa kila safari nina mzigo kwa tani na mafuta aliyokunywa kwa lita kwa kilomita 100. Bosi anataka tutumie mstari mmoja wa kukadiria mafuta kwa malori yote, mimi nimeambiwa nihakikishe kama mstari mmoja unatosha au kila kundi liwe na wake. Data yenyewe ni hii, ni ndogo:

```
mzigo   10    12    14    16    18    20
jipya   26.8  28.4  31.2  32.0  31.8  35.8
kuukuu  29.8  30.4  30.7  35.3  36.2  38.0
```

Nikaweka dami ya kundi (kuukuu = 1) na intarakshen ya mzigo na kundi. Majibu: dami 0.9, p yake 0.76. Intarakshen 0.1, p yake 0.60. Nikasema basi, hakuna tofauti, mstari mmoja unatosha, nikaanza mpaka kuandika ripoti. Halafu jamaa wa ofisini akaniambia nifanye jaribio la pamoja la vyote viwili, nikafanya, F imekuja 7.44 na p 0.015. Sasa hapo ndo sielewi, kimoja kimoja hakuna kitu, vikiwa viwili kuna kitu? Au nimekosea kuandika?

Kipepeo77
Mkuu mbona rahisi, chukua wastani wa mafuta wa kundi hili na wa kundi lile ufanye t-test. Lori kuukuu linakunywa zaidi, kila mtu anajua.

mpigakasia
Kipepeo77 sijauliza nani anakunywa zaidi, nimeuliza kama mstari wa mafuta kwa mzigo ni uleule. Wastani unaweza kulingana kabisa na mistari ikawa tofauti, mmoja umelala mwingine umesimama, ikakatana katikati.

Kipepeo77
Aah sawa, nilisoma haraka.

dr_namba
Hujakosea kuandika. Nimeingiza data yako na napata namba zilezile, na hapa kwako hakuna ajabu yoyote, vipengele viwili vinagombania tofauti ileile.

Twende pole pole. Ile 0.9 ya dami unadhani ni tofauti ya nini? Ni tofauti ya malori mawili yakiwa na mzigo wa tani SIFURI. Wewe data yako inaanzia tani 10. Kwa hiyo softiwea inachukua mistari miwili, inaivuta kurudi nyuma mpaka sehemu ambayo hukupima hata safari moja, halafu inakuuliza pale mwanzo zinatofautiana kiasi gani. Lazima ijibu kwa kusitasita. Angalia kosa sanifu la hiyo dami, ni karibu lita 2.83. Ukipima tofauti hiyohiyo katikati ya data, kwenye tani 15, kosa sanifu linashuka mpaka 0.63. Ukijaribu kupima tofauti ya lita mbili kwa rula inayoteleza lita tatu utapata nini?

Na intarakshen nayo imefungwa kamba na dami. Kwenye data yako uhusiano wa safu ya dami na safu ya dami mara mzigo ni 0.95, ni karibu safu moja imeandikwa mara mbili. Kwa hiyo p ya kila kimoja inauliza "wewe ukiondoka, mwenzako akibaki, kuna hasara?" na kila kimoja kinajibu hapana, mwenzangu atabeba. Swali lako siyo hilo. Swali lako ni WOTE WAWILI wakiondoka kwa pamoja kuna hasara? Hapo jibu ni ndiyo, na kubwa.

zulu_grafu
Nakuunga mkono dr_namba ila mtu aone kwa macho. Chora mstari mmoja kwa data yote, unatoka 19.45 + 0.85 mara mzigo. Sasa angalia mabaki. Malori mapya yote sita yako CHINI ya mstari, hakuna hata moja juu. Makuukuu matano yako juu, moja tu ndo chini (lile la tani 14, 30.7). Mstari umepita katikati ya makundi mawili kama mtu anayesuluhisha ugomvi, hajafurahisha upande wowote.

mtaalam_wa_excel
Lakini R² ya mstari mmoja ni 0.79, mimi naona hiyo ni nzuri tu. Mstari unafit. Kwa nini kujisumbua na F wakati asilimia 79 imeshaelezwa?

zulu_grafu
R² inakuambia mzigo unaeleza mafuta kiasi gani, haikuambii kama kilichobaki kina mpangilio. Mabaki sita upande mmoja na matano upande mwingine ni mpangilio mkuu. Ungeweza kuwa na R² ya 0.98 na bado kundi moja likawa juu daima. Na kinyume chake pia, R² ndogo na mstari mmoja ukawa sahihi kabisa, ni vile tu data ina kelele.

mpigakasia
Dr nimeelewa ile ya tani sifuri, hiyo nilikuwa sijaiwaza kabisa aisee. Naomba basi nionyeshe hiyo F inatoka wapi, maana bosi ataniuliza na siwezi kumwambia "kompyuta imesema".

dr_namba
Inatoka kwenye mabaki tu, unaweza kuifanya kwa kalamu.

Mstari mmoja kwa malori yote 12: chukua mabaki, yapige skwea, jumlisha, unapata 27.11.

Sasa gawanya. Malori mapya peke yao yana mstari wao 19.0 + 0.8 mara mzigo, jumla ya mabaki skwea 4.32. Makuukuu peke yao 19.9 + 0.9 mara mzigo, jumla 5.16. Jumlisha hizo mbili, 9.48. Ukiendesha rigresheni moja yenye dami na intarakshen utapata 9.48 hiyohiyo, maana kumpa kila mtu namba yake ya kuanzia na mteremko wake ni sawa na kumwendeshea rigresheni yake. Hii ni hesabu nzuri ya kujihakikishia, kama hazilingani kuna kitu umekosea.

Kwa hiyo kulazimisha mstari mmoja kumekugharimu 27.11 toa 9.48, yaani 17.63. Umelazimisha mambo mawili, kuanzia pamoja na kupanda pamoja, kwa hiyo gawa kwa 2, ni 8.815 kwa kila sharti. Linganisha na kelele ya kawaida: 9.48 gawa kwa 8 (data 12 toa namba nne ulizokadiria), ni 1.185. Gawanya 8.815 kwa 1.185, ndiyo hiyo 7.44. Mpaka wa asilimia 5 kwa 2 na 8 ni 4.46, umeuvuka.

Kwa R ni mistari mitatu:

```
m1 <- lm(lita ~ mzigo, data = d)
m2 <- lm(lita ~ mzigo * kundi, data = d)
anova(m1, m2)
```

Jaribio hili watu wengi wanaliita la Chow, kutokana na Gregory Chow aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1960. Ukiambiwa "fanya Chow" ukashtuka, ni hiki hiki unachofanya, dami na kuzidisha ni njia nyingine ya kufika palepale.

sauti_ya_chini
Mimi nilifundishwa tofauti kidogo. Ukiona kipengele hakina nyota unakitoa, unaendesha tena, unaendelea hivyo mpaka vibaki vyenye nyota. Hapa ungetoa dami kwanza kwa sababu p yake ni kubwa zaidi, 0.76. Mbona hiyo inafanya kazi bila F?

dr_namba
sauti_ya_chini jaribu hilo kwenye data hii halafu urudi, kuna jambo zuri utaliona.

sauti_ya_chini
Nimejaribu. Nimetoa dami, nimeacha intarakshen, na sasa intarakshen ina t ya 4.05, nyota kibao. Kwa hiyo jibu: wanaanzia pamoja ila makuukuu yanapanda kwa kasi zaidi. Si nimefika bila F?

dr_namba
Sasa rudisha dami utoe intarakshen badala yake.

sauti_ya_chini
...dami ina t ya 3.98. Yaani 2.4, makuukuu yanakunywa lita 2.4 zaidi kwenye mzigo wowote. Hmm.

dr_namba
Unaona sasa. Ukimwacha huyu, ndiye mshindi. Ukimwacha yule, naye ndiye mshindi. Modeli ya kwanza mabaki ni 9.60, ya pili 9.83, hiyo tofauti ni kiduchu, hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuchagua kwa hiyo. Data inasema kwa nguvu kwamba mstari mmoja hautoshi, lakini haisemi kama tofauti ni ya kudumu kwenye mzigo wote au inakua mzigo unavyokua. Wewe kwa kutoa kimoja kimoja umelipata jibu moja ukaamini ndilo, kwa sababu tu 0.76 ni kubwa kuliko 0.60. Ungeandika ripoti "injini kuukuu zinazidiwa mzigo ukiwa mkubwa" na mwenzako kwa data ileile angeandika "hapana, zinakunywa zaidi daima", wote wawili mna nyota.

Kwa hiyo njia yako si mbaya mpaka mwisho, umefika kwenye "kuna tofauti" sawasawa, ila jina la tofauti umelipata kwa bahati.

mpigakasia
Hii imenifungua kichwa. Kwa hiyo nisiseme mteremko ni tofauti?

dr_namba
Usiseme, na usiseme mteremko ni sawa pia. Tofauti ya mteremko ni 0.1 na kosa sanifu 0.184, kwa data ndogo hivi unazidisha kwa 2.306, unapata kuanzia minasi 0.32 mpaka 0.52. Mteremko wenyewe ni 0.8, tofauti ya 0.5 ni zaidi ya nusu yake! Hiyo siyo "sawa", hiyo ni "hatujui". Watu wanasoma p 0.60 wanaandika "miteremko inalingana", nimeshaona hata kwenye ripoti za watu wenye vyeo.

Kitu kimoja cha kufanya kabla ya kuchapa matokeo: toa 15 kwenye mzigo, yaani tumia mzigo toa 15 badala ya mzigo, halafu endesha tena. Dami itageuka kuwa tofauti kwenye tani 15, ambayo ni 2.4 na p 0.005. Intarakshen haibadiliki hata kidogo. Na F ya pamoja nayo haibadiliki, 7.44 ileile, maana mistari ni ileile umehamisha tu pa kusimamia ukiitazama. Hiyo peke yake inatosha kukuonyesha kwa nini p ya dami peke yake haiwezi kujibu swali la mstari mmoja, inabadilika kutoka 0.76 mpaka 0.005 kwa kuhamisha sifuri tu.

kware_mweusi
Naingilia kidogo samahani, mimi nina kitu kinafanana. Nina mauzo ya kila mwezi kwa miaka mitano na bajeti ya matangazo, nikachora grafu nikaona kuanzia mwezi wa 34 mambo yamebadilika kabisa, mstari umekatika. Nikafanya hivi hivi, dami ya kabla na baada ya mwezi wa 34 na kuzidisha, F ikatoka 5.9 p ikawa 0.005. Kwa hiyo nina uhakika mabadiliko yapo?

dr_namba
Mwezi wa 34 uliujua kabla au umeuona kwenye grafu?

kware_mweusi
Nimeuona kwenye grafu. Ndo maana ya grafu si ndiyo hiyo?

dr_namba
Basi hiyo p ya 0.005 usiiamini. Umepita kwenye miezi yote kwa macho, ukachagua ule ambao tofauti ni kubwa kuliko yote, halafu ukaipima kama vile ni mwezi mmoja ulioteuliwa kabla. Ni kama mtu anarusha shilingi mara nyingi anachagua kipande ambacho vichwa vimefuatana halafu anauliza uwezekano wake. F kubwa kuliko zote haifuati jedwali la kawaida la F, mpaka wake uko juu zaidi, na Andrews alishaandika kuhusu mipaka hiyo mwaka 1993. Tafuta kwenye softiwea yako jaribio la supF, linapita sehemu zote na kutumia mpaka sahihi. Kwenye R kuna kifurushi kinaitwa `strucchange`. Na mauzo ya mwezi kwa mwezi mabaki yanafuatana, mwezi mzuri unavuta mwezi mzuri, hiyo nayo inaharibu F hata kama tarehe uliijua.

mpigakasia yeye hana tatizo hilo, makundi yake hayakuchaguliwa kwa kutazama mafuta, injini ni mpya au kuukuu kabla ya safari.

kware_mweusi
Duh. Sawa naenda kuangalia. Ila kwenye mwezi wa 34 tulibadilisha mfumo wa matangazo kweli, hilo nalijua.

dr_namba
Ungesema hilo kwanza! Kama ulijua mwezi wa 34 kwa sababu ya mfumo na siyo kwa grafu basi ni mwezi ulioteuliwa. Ila kuwa mkweli kwa nafsi yako, ungelichagua hilo hilo bila kuona grafu?

kware_mweusi
Sijui mkuu. Kulikuwa na mabadiliko mengine mwezi wa 22 pia ila sikuyaona kwenye grafu.

mtaalam_wa_excel
Swali la mpigakasia nadhani limeisha, ila mimi nina langu, je ukiwa na vitu vingine kwenye modeli, mfano barabara ni ya lami au vumbi, unazidisha na hivyo pia?

zulu_grafu
Inategemea unadai nini. Ukizidisha kila kitu na kundi, hapo ni mstari wote (sasa siyo mstari tena lakini tuseme) unajaribiwa kama ni mmoja, na jumla ya mabaki ya makundi mawili italingana na modeli kubwa. Ukiacha barabara bila kuzidisha, unadai athari ya barabara ni ileile kwa malori mapya na makuukuu, halafu unajaribu vingine. Zote halali ila useme ni ipi, na usishangae ukiona jumla ya rigresheni mbili za pembeni hailingani na modeli yako, hazitalingana maana umefunga kitu kimoja. Mimi nilipoteza siku nzima kwa hilo, nikidhani softiwea imeharibika.

Kingine, watu wanasahau data zenye mapengo. Kama barabara haijajazwa kwenye safari mbili, modeli kubwa inazitupa, ndogo haizitupi, unalinganisha 12 na 10. R itakugomea kwenye `anova` itasema modeli hazikutumia data ya ukubwa mmoja, lakini ukifanya kwa kalamu hakuna wa kukugomea.

mpigakasia
Na kelele je? Nimesoma sehemu kwamba lazima makundi yawe na kelele sawa.

dr_namba
Ndiyo, 1.185 ile uliyogawa nayo ni kelele moja kwa wote. Kwako mapya ni 4.32 gawa kwa 4, ni 1.08, makuukuu 5.16 gawa kwa 4, ni 1.29. Ziko jirani, na makundi yana idadi sawa, sita kwa sita, kwa hiyo sina wasiwasi wa haraka, ingawa kwa data sita sita hata tofauti kubwa isingeonekana kirahisi. Ubaya ni pale kundi dogo ndilo lenye kelele nyingi. Kwa mfano malori 8 makuukuu yenye kelele kubwa na 60 mapya yenye kelele ndogo, hapo kelele ya pamoja inatawaliwa na yale 60 inaonekana ndogo kuliko inavyostahili, F inapanda bure na unakuta tofauti isiyokuwepo mara nyingi kuliko asilimia 5 unayodhani. Kikiwa kinyume, kundi kubwa ndilo lenye kelele, F inakuwa mwoga.

Dawa ni kujaribu vipengele viwili kwa pamoja kwa makosa sanifu yasiyodai kelele sawa:

```
library(car)
linearHypothesis(m2,
  c("kundikuukuu = 0", "mzigo:kundikuukuu = 0"),
  white.adjust = "hc3")
```

Hayo majina andika kama yanavyotokea kwenye `coef(m2)`, R anabandika jina la safu na jina la kundi pamoja. Ila kwa data 12 hata hii ni ya kukisia, usiitegemee kuliko ile ya kawaida.

sauti_ya_chini
Mimi nina swali la kijinga. Nikiendesha rigresheni mbili tofauti, kwenye mapya mzigo una nyota na kwenye makuukuu hauna, si hiyo ni tofauti tosha?

zulu_grafu
Hapana, na siyo swali la kijinga, limewaponza wengi. Mmoja anaweza kuwa na p 0.04 na mwingine 0.07 na miteremko ikawa karibu sawa kabisa. Kundi la pili lilikuwa dogo tu. Tofauti ya nyota siyo nyota ya tofauti, lazima upime tofauti yenyewe.

mpigakasia
Sawa wakuu nimejipanga. Nitaandika: mstari mmoja hautoshi, makuukuu yanakunywa zaidi, kwenye tani 15 ni lita 2.4 zaidi, kama tofauti inakua na mzigo hatujui. Nitatumia mistari sambamba kwa sasa. Safi?

Halafu kitu kimoja, sikusema mwanzoni kwa sababu nilidhani hakihusu. Hizo safari 12 ni za malori manne. Mapya mawili, makuukuu mawili, kila lori safari tatu.

zulu_grafu
Aaaah mpigakasia.

dr_namba
Hicho ndicho kilipaswa kuwa mstari wa kwanza wa uzi wako ndugu yangu.

Zile "data 12 toa 4 ni 8" zilidhani kila safari inaleta habari mpya. Kama lori moja kuukuu lina magurudumu mabovu au dereva wake anakanyaga mafuta ovyo, safari zake tatu zote ziko juu pamoja, hiyo ni habari moja imerudiwa mara tatu. Kuhusu injini una mawili dhidi ya mawili. Ukilinganisha wastani wa malori, unabakiwa na digrii 2 za uhuru siyo 8, na mpaka wa t unapanda mpaka 4.30. Siwezi kukuambia 7.44 yako inabaki kiasi gani bila kujua safari ipi ni ya lori lipi.

mpigakasia
Lakini si kuna yale makosa sanifu ya makundi, unaweka lori kama kundi?

dr_namba
Kwa malori manne yatakudanganya, yanahitaji makundi mengi ndo yakae sawa. Utapata namba ndogo nzuri na haitakuwa na maana.

zulu_grafu
Hapa sikubaliani na dr kwa asilimia mia. Kuhusu namba ya kuanzia uko sahihi, malori mawili kwa mawili ni kitu kidogo. Lakini mteremko si unapimwa NDANI ya lori? Lori lilelile limebeba tani 10, halafu 14, halafu 20, magurudumu ni yaleyale na dereva ni yuleyule. Kwa mteremko ana habari zaidi ya mbili kwa mbili.

dr_namba
Ana zaidi kama miteremko ya malori ya aina moja inafanana. Ikiwa kila lori lina mteremko wake basi tumerudi kwenye mbili kwa mbili. Na kwa safari tatu kwa lori utajuaje zinafanana?

zulu_grafu
Hatujui, nakubali. Ila na wewe hujui kama hazifanani.

Kipepeo77
Dereva ni yuleyule kila safari?

mpigakasia
Kwenye makuukuu ndiyo. Kwenye mapya wanabadilishana, naona kwenye daftari safari ile ya tani 18 iliyotoka 31.8 alikuwa mwingine kabisa.

zulu_grafu
Ndiyo ile iliyo mbali kuliko zote chini ya mstari wa pamoja, karibu lita tatu.

mpigakasia
Naomba data ya safari zote za mwaka jana kwa malori yote, nasikia yako kumi na saba. Nikizipata nitarudi hapa na safu ya lori na safu ya dereva. Ripoti naisimamisha.